Nywila ya Hoteli na Kufuli la Kivinjari

Operesheni ya upelelezi nchini Uganda ilipewa jina la Kiswahili: Fungua Macho. Oktoba 2015 shirika la Privacy International la London lilichapisha ripoti iliyotegemea nyaraka zilizovuja kutoka serikalini Uganda. Ripoti ilieleza kwamba baada ya uchaguzi wa 2011, siku zile za maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, ujasusi wa jeshi na polisi walipata programu ya upelelezi iitwayo FinFisher kutoka kampuni ya Gamma. Ilieleza pia kwamba mitego yake iliwekwa katika hoteli 21 za Kampala, Entebbe na Masaka, na kwamba mitandao bandia ya Wi-Fi ilitegwa kwenye mitaa wanakoishi wenye uwezo na wageni. Serikali ilikanusha. Ubishi wa nani alifanya nini una watu wake, nami siuingilii hapa. Kinachonishughulisha ni jambo ambalo halina ubishi, yaani namna mtego wa aina hiyo unavyofanya kazi, kwa sababu ndani yake limo jibu la swali ambalo watu wengi wa Kampala hujiuliza wakipewa nywila ya Wi-Fi: je, sasa ninachotuma kiko salama?

Tuanze na mgeni wa hoteli. Anafika mapokezi, anakabidhiwa kikaratasi chenye jina la mtandao na nywila, anaiandika kwenye simu, na simu inamwonyesha alama ya kufuli kando ya jina la mtandao. Alama hiyo haidanganyi, ila inasema jambo dogo kuliko linavyosikika. Inasema kwamba mawimbi yanayoruka kati ya simu na ruta yamesimbwa. Ruta iliyo kwenye dari ya ukumbi huyapokea, huyafumbua, kisha hupeleka mbele kile kilichomo kwa waya kama kilivyotoka kwenye simu. Kutoka hapo safari bado ni ndefu: swichi ya hoteli, kampuni inayoiuzia hoteli intaneti, nyaya zinazotoka Kampala kwenda Mombasa, bahari, hadi seva iliyoko huenda Ulaya. Nywila imelinda mita ishirini za kwanza za safari ya maelfu ya kilomita. Na mtego unaoelezwa katika ripoti haukuhitaji kuvunja mita hizo ishirini, kwa kuwa ulikaa upande wa pili wa ruta, mahali ambapo usimbaji wa Wi-Fi umeshakwisha. Aliyeshika mtandao ndiye aliyetoa nywila, kwa hiyo nywila haiwezi kumzuia yeye.

Wapo watakaosema kwamba majasusi ni habari ya watu wachache, na kwamba mtu wa kawaida anayeketi mkahawani Wandegeya anaogopa zaidi kijana wa meza ya jirani. Hoja hiyo ina uzito, na inastahili kujibiwa kwa undani, maana hapa ndipo imani juu ya nywila inapokosea zaidi. Watu hudhani kwamba nywila ndiyo ufunguo unaosimba mazungumzo yao. Katika WPA2, mfumo uliotawala ruta zetu kwa miaka mingi, mambo ni tofauti kidogo. Nywila huchanganywa na jina la mtandao, mchanganyiko ukapondwa mara 4,096 kwa hesabu maalumu, na kinachotoka ni ufunguo mkuu. Ufunguo mkuu ni uleule kwa kila aliye kwenye mtandao huo. Simu yako inapojiunga, yenyewe na ruta hutumiana jumbe nne za kusalimiana. Ndani ya salamu hizo kila upande hutaja namba moja ya kubahatisha, waziwazi, bila kuificha. Namba hizo mbili, anwani za vifaa viwili na ufunguo mkuu ndivyo vinavyozaa ufunguo wako wa kikao, ambao ni wako peke yako.

Sasa hesabu ni viungo gani anavyo kijana wa meza ya jirani. Anwani za vifaa zinaruka hewani wazi. Namba mbili za kubahatisha zimetajwa hewani wazi. Jina la mtandao linatangazwa. Kiungo pekee kilichokuwa siri ni nywila, nayo imeandikwa kwa chokaa kwenye ubao ulio juu ya kaunta. Kwa hiyo anaweza kupika ufunguo wako uleule. Hahitaji kipaji cha pekee: programu ya Wireshark, ambayo ni ya bure na hutumiwa na mafundi wa mitandao kila siku, ina mahali pa kuandika nywila na jina la mtandao, na ikiwa imenasa zile salamu nne, hufumbua pakiti zako mbele ya macho yake kana kwamba mtandao haukuwa na nywila kabisa. Kuna sharti moja tu, nalo ni kwamba lazima salamu zinaswe. Mwenye simu aliyejiunga kabla kijana hajafungua kompyuta yake ana nafuu, lakini nafuu hiyo ni ya muda. Kwenye ruta nyingi za WPA2 amri ya kumwondoa mtu mtandaoni haina uthibitisho, kwa hiyo yeyote anaweza kuituma akijifanya ruta. Simu yako inakatika kwa sekunde moja au mbili, inajiunga tena yenyewe, inasalimia upya, na salamu zinanaswa. Wewe unachoona ni mtandao uliosuasua kidogo, jambo ambalo Kampala halimshangazi mtu.

Si haki kusema kwamba Wi-Fi yote ni hivyo. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, ilibadilisha namna ya kusalimiana ili anayejua nywila na kusikiliza kimyakimya asiweze kupika ufunguo wa mwenzake, na ikalazimisha amri za kuondoa watu zithibitishwe. Wanafunzi na walimu wa Makerere nao wana mfano mwingine mikononi: mtandao wa eduroam, ambao nchini Uganda unaendeshwa na RENU. Kule hakuna nywila moja ya ubaoni. Kila mtu huingia kwa jina na nywila yake mwenyewe, na kila kikao hupata ufunguo mkuu wake, hivyo anayeketi dawati la pili hana kiungo hata kimoja cha siri yako. Ukilinganisha eduroam na mkahawa, utaona kwamba tatizo la mkahawa halimo katika urefu wa nywila wala uhodari wa hesabu zake. Limo katika jambo moja tu, nalo ni siri inayogawiwa kwa kila anayenunua chai. Hata hivyo WPA3 na eduroam vyote viwili huishia kwenye ruta. Vinamzuia jirani, havimzuii mwenye nyumba.

Ndiyo maana ulinzi wa kweli ulilazimika kuhamia mahali pengine, kwenye ncha mbili za safari: kivinjari chako upande huu na seva ya tovuti upande ule, kila kilicho katikati kikihesabiwa kuwa si cha kuaminika. Hiyo ndiyo HTTPS. Ni HTTP ileile ya zamani iliyovikwa ganda liitwalo TLS, ambalo toleo lake la sasa, TLS 1.3, lilikamilishwa Agosti 2018. Ganda hilo linafanya kazi tatu, na watu kwa kawaida huitaja moja tu, ya kuficha maneno. Nyingine mbili, kumtambua unayezungumza naye na kuhakikisha kwamba maneno hayajabadilishwa njiani, ndizo zilizokuwa na maana kubwa kwa mgeni wa hoteli, kama tutakavyoona.

Kwanza kuficha. Mtu makini atauliza: ikiwa kijana wa meza ya jirani amenasa kila kitu tangu pakiti ya kwanza, na kivinjari na seva hazijawahi kukutana, zinakubalianaje ufunguo ambao yeye haujui? Jibu ni hesabu iliyochapishwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman, na inaonekana vizuri kwa namba ndogo. Kivinjari na seva zinakubaliana hadharani kutumia namba 5, na kwamba kila jibu litagawanywa kwa 23 na kubakiza baki tu. Kivinjari kinachagua siri yake, tuseme 4. Kinapiga 5 kwa kipeo cha 4, kinapata 625, na baki yake ikigawanywa kwa 23 ni 4. Kinatuma 4. Seva inachagua siri yake, 3. Tano kwa kipeo cha 3 ni 125, baki ni 10. Inatuma 10. Sasa kivinjari kinachukua 10 iliyopokea na kuipa kipeo cha siri yake: 10,000, baki 18. Seva inachukua 4 iliyopokea na kuipa kipeo cha siri yake: 64, baki 18. Zote mbili zimefika 18, na namba 18 haijawahi kutajwa hewani. Msikilizaji ana 5, 23, 4 na 10. Kwa namba ndogo hivi atajaribu moja moja hadi apate siri, lakini TLS hutumia namba za tarakimu nyingi na hesabu za aina hiyohiyo zilizo ngumu zaidi, kiasi kwamba kujaribu moja moja hakuna mwisho. Linganisha na Wi-Fi ya mkahawa. Kule ufunguo ulitokana na siri moja iliyoandikwa ukutani na namba zilizotajwa hadharani. Huku unatokana na siri mbili ambazo hazikutoka kwenye mashine zilikozaliwa, na ambazo hutupwa kikao kikiisha.

Lakini hesabu hiyo peke yake ina tundu kubwa. Inakuhakikishia kwamba umekubaliana ufunguo na mtu fulani, haikuambii ni nani. Ruta ya hoteli ingeweza kukaa katikati, ikakubaliana 18 na wewe, ikakubaliana namba nyingine na benki, na kupitisha maneno huku na huku ikiyasoma yote. Hapa ndipo cheti kinapoingia. Seva inapojibu, hutoa hati inayosema jina la tovuti na ufunguo wake wa wazi, iliyotiwa saini na mamlaka ya vyeti ambayo simu yako iliijua tangu ilipotoka kiwandani. Kisha seva hutia saini yake yenyewe juu ya mazungumzo ya kusalimiana, pamoja na ile namba 10 iliyotuma. Mtu wa katikati anaweza kunakili cheti, kwa kuwa cheti si siri. Asichoweza ni kutia saini hiyo, kwa kuwa ufunguo wa siri wa kutilia saini haujawahi kutoka kwenye seva. Kivinjari kinakagua saini, kinaona hailingani, kinakata.

Kazi ya tatu, ya kulinda maneno yasibadilishwe, ndiyo inayoturudisha hotelini. Vitabu vya matangazo ya FinFisher vilivyovuja vinaeleza bidhaa iliyoitwa FinFly LAN, iliyowekwa ndani ya mtandao wa mahali kama hoteli. Kazi yake haikuwa kusoma tu. Ilisubiri mlengwa apakue faili au afungue ukurasa, ikachomeka programu ya upelelezi ndani ya kilichokuwa kinapita. Ili kuchomeka, ni lazima kinachopita kiwe kinaweza kubadilishwa bila mpokeaji kugundua, na mwaka 2011 vitu vya namna hiyo vilijaa tele. Mfano unaojulikana zaidi ni iTunes ya Windows. Programu hiyo iliuliza kila baada ya muda kama kuna toleo jipya, na iliuliza kwa HTTP tupu. Aliyekuwa katikati ya njia angeweza kutoa jibu lake: ndiyo, lipo, na anwani ya kulipakua ni hii. Mtumiaji angebonyeza, ukurasa ukafunguka, na angeona anapakua kitu cha Apple. Udhaifu huo ulitangazwa hadharani mwaka 2008. Apple waliuziba Novemba 2011 kwa iTunes 10.5.1, mwezi uleule ambao iliripotiwa kwamba matangazo ya Gamma yalionyesha sasisho bandia la iTunes kama mlango wa kuingilia. Hapakuwa na siri iliyoibwa katika hatua hiyo. Nani anajali kama jirani anajua kwamba iTunes yako imeuliza habari ya toleo jipya? Aliyekuwa akijali usiri peke yake asingeona sababu ya kusimba swali hilo, na kwa hiyo mlango ukabaki wazi miaka mitatu.

Tunisia ilipata somo hilohilo kwa watu wengi zaidi. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, ukurasa wa kuingilia Facebook ulifika kwa Watunisia kwa HTTP, ingawa nywila yenyewe ingeweza kurudi ikiwa imesimbwa. Njiani, kwenye kampuni za intaneti, ukurasa uliongezewa mistari michache ya msimbo iliyonasa jina na nywila kabla hazijatumwa. Januari 2011 Facebook ilianza kuwapeleka watumiaji wa Tunisia kwenye HTTPS kwa lazima, na mistari hiyo ikakosa pa kuchomekwa. Ni kosa lililofanywa na tovuti nyingi za wakati ule, benki zikiwemo: kusimba sehemu inayobeba siri na kuacha ukurasa unaoiomba siri hiyo ukiwa uchi.

Pingamizi kubwa zaidi linakuja hapa: kama mwenye mtandao ana nguvu hivyo, kwa nini asitoe tu cheti bandia? Anaweza kujaribu, na akijaribu kivinjari chako kitapiga kelele kwa ukurasa mzima wa onyo. Tatizo ni kwamba watu wamezoeshwa kulipuuza onyo hilo, na waliowazoesha ni mitandao yenyewe ya hoteli. Ule ukurasa unaokutaka uandike namba ya chumba kabla ya kupewa intaneti hufanya kazi kwa kukatiza ombi lako la kwanza na kujibu badala ya tovuti uliyoiomba. Ombi lako likiwa la HTTPS, ukatizaji huo hauna tofauti yoyote na uvamizi, kivinjari kinaonya, na mgeni mwenye haraka anabonyeza kuendelea. Asifanye hivyo. Njia safi ni kufungua kwa makusudi ukurasa usio na HTTPS wala siri yoyote, mfano neverssl.com, ambao uliwekwa kwa ajili hiyo. Ukurasa wa hoteli utajitokeza hapo, utaandika namba ya chumba, na baada ya hapo hakuna sababu halali ya kuona onyo la cheti kwenye barua pepe au benki. Sababu pekee ya bahati mbaya inayotokea mara nyingi ni saa ya simu iliyorudi nyuma baada ya betri kufa, kwa kuwa vyeti vina tarehe. Onyo hilo husomeka NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, na ukirekebisha saa linatoweka. Lisipotoweka, ondoka kwenye mtandao huo, tumia bando lako.

Je, mamlaka yenyewe ya vyeti ikisaliti au ikivamiwa? Ilishatokea. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi iitwayo DigiNotar ilivamiwa, vyeti bandia zaidi ya 500 vikatolewa, kimojawapo kwa jina la Google, nacho kikatumika dhidi ya watumiaji wa Gmail nchini Iran. Siwezi kulifanya jambo hilo dogo, maana kwa wiki kadhaa kufuli lilionekana na halikumaanisha kitu. Lakini tazama lilivyofichuka: kivinjari cha Chrome kilikuwa na kumbukumbu ya vyeti halali vya Google, kikaonya, mtumiaji mmoja wa Iran akatangaza onyo hilo, na kabla ya mwisho wa Septemba kampuni ilikuwa imefilisika. Tangu 2018 Chrome inadai kila cheti kipya kiwe kimeandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulikagua. Cheti bandia bado kinawezekana. Kisichowezekana tena ni kukitumia kwa siri kwa muda mrefu, na mwenye hoteli hana uwezo wa kukipata.

Palipobaki pembamba ni hatua ya kwanza kabisa. Mtu akiandika jina la tovuti bila https:// mbele yake, kivinjari cha zamani hubisha hodi kwa HTTP, na seva humjibu kwamba ahamie HTTPS. Mtu wa katikati akinasa hodi hiyo ya kwanza, anaweza kuzungumza HTTPS na seva huku akizungumza HTTP na wewe, hila iliyoonyeshwa na Moxie Marlinspike mwaka 2009. Hakuna onyo, kwa sababu hakuna cheti kilichoghushiwa. Kufuli halipo tu, na ni wachache wanaogundua kitu kisichokuwepo. Dawa yake ni agizo ambalo tovuti hukipa kivinjari: kuanzia leo usinijie tena kwa HTTP. Anayesimamia tovuti ya chuo, SACCO au duka mjini Kampala anaweza kujikagua kwa mistari miwili, akiweka jina lake badala ya example.com:

```
curl -I http://example.com
curl -I https://example.com
```

Jibu la kwanza linapaswa kuonyesha 301 na Location inayoanza na https. Jibu la pili linapaswa kuwa na mstari wa Strict-Transport-Security wenye muda wa miezi kadhaa, unaohesabiwa kwa sekunde. Mstari huo usipokuwepo, kila mteja mwenye kivinjari cha zamani anayeingia kutoka Wi-Fi ya mkahawa anabisha hodi uchi kila siku. Gharama si kisingizio tena, kwa kuwa Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti bure tangu mwisho wa 2015.

Kuna mambo ambayo HTTPS haifichi, na Waganda wameyaona kwa macho bila kuhitaji mtaalamu. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia Facebook, WhatsApp, Twitter na wenzao. Huduma hizo zilikuwa zimesimbwa zote, lakini asiyelipa alifungiwa mara moja. Kampuni za simu zilijuaje? Zilijua kwa sababu anwani ya seva lazima iwe wazi ili pakiti ifike, swali la kutafuta anwani hiyo kwa kawaida husafiri bila kusimbwa, na jina la tovuti hutajwa wazi kwenye salamu ya kwanza ya TLS. Kwa hiyo anayeshika mtandao, awe kampuni ya simu au hoteli, hujua umekwenda wapi, saa ngapi, na umebeba mzigo wa ukubwa gani. Hajui umesema nini. Waliokwepa tozo kwa VPN hawakuongeza usiri wa maneno yao. Walichofanya ni kuhamisha ujuzi wa waendako kutoka kwa kampuni ya simu kwenda kwa mwenye VPN, ambaye mara nyingi hawakumjua.

Kufuli pia halisemi kwamba tovuti ni ya watu wema. Tapeli anayesajili jina linalofanana na la benki, kwa herufi moja tofauti, atapata cheti halali kwa dakika chache, na mazungumzo yako naye yatakuwa na usiri kamili. Cheti huthibitisha jina, kwa hiyo mwenye macho asome jina. Kwenye programu za simu hata jina halionekani, na mtumiaji hana budi kumtegemea aliyeiandika. Android 9 ya mwaka 2018 ilisaidia kwa kuzuia HTTP tupu katika programu zilizoandikwa kwa ajili yake, isipokuwa mwandishi aruhusu mwenyewe. Na anayetuma pesa kwa *165# ajue kwamba hatumii Wi-Fi kabisa. Maombi hayo hupita kwenye mtandao wa simu, na mjadala huu wote hauyahusu.

Baada ya haya mtu atauliza kwa nini basi tuweke nywila kwenye Wi-Fi. Sababu zipo, na ni za mwenye mtandao kuliko za mgeni. Nywila huzuia mpita njia kutumia bando lililolipiwa. Humzuia pia kuifikia printa, kamera na ukurasa wa usimamizi wa ruta, vitu ambavyo ndani ya nyumba mara nyingi huzungumza bila HTTPS. Anayeifikia ruta anaweza kubadilisha seva ya majina na kuwapeleka wote anakotaka. Kwa nyumbani, nywila ndefu ambayo haiko katika orodha yoyote ya maneno ina maana sana, kwa kuwa aliyenasa salamu nne anaweza kwenda nazo kwake na kukisia taratibu, mamilioni ya maneno, bila ruta kujua. Tarakimu nane za namba ya simu au jina la mtaa na mwaka hazidumu. Lakini yote hayo ni ulinzi wa chumba. Barua inayotoka chumbani inahitaji bahasha yake.

Na bahasha huishia inapofunguliwa. FinFisher ikishaingia kwenye kompyuta husoma herufi zinapobonyezwa na skrini inapoonyeshwa, kabla kivinjari hakijasimba chochote na baada ya kukifumbua, kwa hiyo hapo HTTPS haina la kusema, kama isivyokuwa na la kusema kwa aliyepata kompyuta mkononi na kuchomeka kifaa chake. Ndiyo sababu waliobuni mtego wa hotelini hawakuhangaika kuvunja usimbaji wa barua za wageni. Walikaa upande wa pili wa ruta wakisubiri pakiti moja iliyosafiri bila huo.